Kurekodi mbegu na mipangilio ya picha unganishi

Kurekodi mbegu na mipangilio ni utaratibu wa kuhifadhi namba na mafaili yote yaliyotumika kutengeneza picha kwa akili bandia, ili picha iliyokwisha kukubaliwa iweze kutengenezwa tena ilivyo, au kurekebishwa sehemu moja bila kuharibu nyingine. Hutumiwa hasa kwa *picha unganishi*, yaani picha moja iliyojengwa kwa vipande kadhaa: pengine kitu kilichopigwa picha kwa kamera, usuli uliozalishwa na kompyuta, na kivuli au mwanga ulioongezwa baadaye.

Haja ya utaratibu huu hujitokeza baada ya kazi kumalizika. Mteja anakubali picha, inachapishwa, kisha wiki sita baadaye anaomba ileile iwe kubwa zaidi, au pazia libadilishwe rangi. Kama kilichobaki ni faili ya mwisho tu, mtengenezaji hulazimika kuanza upya na kutafuta kwa kubahatisha picha inayofanana na ya kwanza.

Makala hii inaeleza jambo hili kwa kutumia Stable Diffusion, modeli iliyotolewa kwa umma Agosti 2022, na programu ya AUTOMATIC1111 inayoiendesha kwenye kompyuta ya mtumiaji. Programu nyingine hufuata kanuni zilezile ingawa majina ya vitufe hutofautiana.

## Mbegu ni nini

Modeli ya aina hii haianzi na karatasi nyeupe. Huanza na chenga, kama zile zinazoonekana kwenye televisheni isiyo na mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Chenga hizo ni namba za nasibu, lakini kompyuta haibahatishi kwa kweli: hufuata kanuni ya hesabu inayoanza na namba moja. Namba hiyo ndiyo mbegu. Mbegu ileile ikiingizwa katika kanuni ileile hutoa chenga zilezile, na chenga zilezile zikisafishwa kwa namna ileile hutoa picha ileile.

Mbegu haina maana yoyote yenyewe. Mbegu 500 na mbegu 501 hazitoi picha zinazokaribiana kuliko mbegu 500 na mbegu 90000. Pia mbegu haibebi "mtindo" wa picha, ingawa watumiaji wengi hudhani hivyo na kukusanya mbegu zinazoitwa nzuri. Ukiihamishia modeli nyingine au vipimo vingine, mbegu nzuri huwa namba ya kawaida kama nyingine yoyote.

Katika AUTOMATIC1111 kisanduku cha `Seed` huonyesha `-1` kikiwa hakijaguswa. Hiyo ina maana kwamba programu itachagua mbegu mpya kila mara. Kuandika "-1" kwenye kumbukumbu ya kazi ni sawa na kutoandika chochote. Inayotakiwa ni namba iliyochaguliwa, ambayo huonekana chini ya picha baada ya kuzalishwa.

Kuna mtego mwingine hapo. Picha kadhaa zikizalishwa kwa pamoja, mbegu huongezeka kwa moja kwa kila picha. Ya kwanza ikiwa na mbegu 2718403948, ya nne ina mbegu 2718403951. Mtu akiipenda ya nne na kunakili mbegu ya kwanza, atarudi siku nyingine na kupata picha ambayo hakuna aliyeikubali.

## Kinachofuatana na mbegu

Mbegu peke yake haitoshi, kama vile kujua kiasi cha chumvi hakutoshi kupika pilau. AUTOMATIC1111 huandika mipangilio mingi ndani ya faili ya PNG yenyewe, katika sehemu ya maandishi isiyoonekana picha inapofunguliwa. Kwa usuli wa mfano tutakaoufuata hapa chini, maandishi hayo yangekuwa hivi:

```
wooden table by a window, white curtain, morning light
Negative prompt: people, text
Steps: 28, Sampler: DPM++ 2M, Schedule type: Karras,
CFG scale: 6.5, Seed: 2718403951, Size: 768x512,
Model hash: 6ce0161689, Model: v1-5-pruned-emaonly
```

Mstari wa kwanza ni maelekezo kwa maneno. Yanapaswa kunakiliwa herufi kwa herufi, kwa sababu hata kuhamisha mkato au kubadili mpangilio wa maneno hubadilisha picha. `Steps` ni idadi ya hatua za kusafisha chenga, na `Sampler` ni kanuni ya hesabu inayotumika kuzisafisha. `CFG scale` ni kiasi ambacho modeli inalazimishwa kufuata maelekezo.

`Size` huonekana kama jambo dogo, lakini ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Modeli hii hufanya kazi katika gridi iliyo ndogo mara nane kuliko picha kwa kila upande. Picha ya 768 kwa 512 huanza na gridi ya chenga ya 96 kwa 64. Ukiomba 1152 kwa 768, gridi huwa 144 kwa 96, na namba zilezile za nasibu hupangwa kwenye mistari yenye urefu tofauti. Matokeo yake si picha ileile iliyokuzwa. Ni picha nyingine kabisa.

`Model hash` ni alama ya utambulisho wa faili ya modeli, nayo ina thamani kuliko jina. Jina la faili hubadilishwa na yeyote, na watu hupenda kuyaita mafaili yao "mpya" au "nzuri2". Alama hii ni herufi kumi za mwanzo za hesabu ya SHA-256, na mtu anaweza kuihakiki mwenyewe:

```
sha256sum v1-5-pruned-emaonly.safetensors
```

Kwa sababu modeli hupakuliwa kutoka mtandaoni na huweza kuondolewa huko wakati wowote, nakala ya faili yenyewe huhifadhiwa pamoja na kazi, au angalau kwenye diski moja inayojulikana. Hali ni hiyohiyo kwa mafaili madogo ya LoRA yanayoongeza mtindo fulani, na kwa faili ya VAE, ambayo hugeuza hesabu za ndani kuwa rangi za pikseli.

Toleo la programu pia huandikwa. Tangu toleo la 1.9 la mwaka 2024, AUTOMATIC1111 hutenganisha `Sampler` na `Schedule type`. Kabla ya hapo jina lilikuwa moja, `DPM++ 2M Karras`. Anayesoma kumbukumbu ya zamani bila kujua hivyo anaweza kuchagua `DPM++ 2M`, akaacha ratiba nyingine ikitumika, kisha akashangaa kwa nini picha inakaribia lakini haifiki.

Mwisho ni mahali chenga zinapotengenezwa. Kanuni ya nasibu ya kadi ya michoro si sawa na ile ya kichakato kikuu cha kompyuta, hivyo mbegu moja hutoa chenga mbili tofauti. AUTOMATIC1111 kwa kawaida hutumia kadi ya michoro, na ComfyUI hutumia kichakato kikuu. Ndiyo maana mipangilio ikihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, hata namba zote zikiwa sahihi, picha huwa tofauti. Katika AUTOMATIC1111 chaguo hilo huitwa `Random number generator source`. Kuchagua `CPU` mwanzoni mwa kazi hurahisisha kuihamishia kwenye kompyuta nyingine, lakini kulibadilisha katikati ya kazi hufanya mbegu zote za zamani zisifae.

## Mfano: birika kwenye meza

Tuseme duka linataka picha ya birika la chai kwa ajili ya katalogi. Birika lilipigwa picha kwa kamera mbele ya karatasi nyeupe. Mtengenezaji alizalisha usuli wa meza ya mbao karibu na dirisha kwa mipangilio iliyoonyeshwa juu. Kisha akakata birika na kuliweka mezani kwa kutumia GIMP.

Birika lilionekana linaelea, kwa kuwa halikuwa na kivuli. Basi akairudisha picha kwenye AUTOMATIC1111 ili izalishe upya sehemu ya meza chini ya kitako cha birika tu. Kwa kazi hiyo hutumika *maski*, picha ya nyeusi na nyeupe ambayo sehemu yake nyeupe huonyesha mahali panaporuhusiwa kubadilika. Aliweka `Denoising strength` 0.45, yaani chenga ziongezwe kwa kiasi tu ili mbao zibaki kama zilivyo na kivuli kipate nafasi ya kutokea. Baada ya kujaribu mara nyingi alipata kivuli kizuri. Mwishowe alirudi kwenye GIMP, akapunguza mwanga wa dirisha kidogo na kuipeleka picha kwa mteja, ambaye aliikubali.

Ukihesabu, picha hii moja ina hatua nne, na mbili tu kati yake zina mbegu. Faili ya mwisho iliyotoka GIMP inaweza kuwa haina maandishi ya mipangilio hata moja, au kuwa na ya hatua moja tu. Hata PNG ya hatua ya kivuli, ambayo ina mbegu yake na `Denoising strength: 0.45`, haibebi picha iliyoingizwa wala maski. Bila vitu hivyo viwili mbegu ya kivuli haina kazi, kwa sababu chenga zake ziliongezwa juu ya picha fulani, ndani ya mipaka fulani.

Kwa hiyo kumbukumbu ya kazi hii ni folda. Ndani yake huwekwa picha ya asili ya birika kutoka kamera, PNG ya usuli kama ilivyotoka kwenye programu, PNG ya picha iliyoingizwa katika hatua ya kivuli, maski, PNG iliyotoka katika hatua hiyo, na faili ya GIMP ya muundo wa XCF ikiwa na matabaka yake yote. Pamoja nazo huwekwa faili fupi ya maandishi inayosema nini kilitoka wapi:

```
01 usuli.png     seed 2718403951, txt2img
02 birika.xcf    birika juu ya usuli.png
03 kivuli.png    seed 1180562207, inpaint, 0.45,
                 maski_kivuli.png, Mask blur 4
04 mwisho.xcf    Curves kwenye tabaka la dirisha
rng: CPU   toleo: 1.9.4   vae: vae-ft-mse-840000
```

Majina ya faili yasibadilishwe baada ya hapo. Maandishi ya ndani ya PNG yanaweza kusomwa tena wakati wowote kwa kichupo cha `PNG Info`, au kwa amri:

```
exiftool -Parameters usuli.png
```

Tahadhari ni moja: maandishi hayo hupotea kirahisi. Programu za kutuma ujumbe kwenye simu huibana picha na kuyafuta, na kuihifadhi upya katika programu ya kuhariri huweza kuyafuta pia. Picha iliyopita kwa mteja na kurudi haifai kuwa chanzo cha kumbukumbu.

## Kujaribu kumbukumbu

Kumbukumbu isiyojaribiwa haijulikani kama inafaa. Jaribio hufanywa siku ileile picha inapokubaliwa, wakati kompyuta, programu na modeli ni zilezile. Programu hufungwa na kufunguliwa upya, mipangilio huingizwa kutoka kwenye folda na si kutoka kwenye skrini iliyokuwa wazi, na usuli huzalishwa tena. Kisha picha mbili hulinganishwa kwa ImageMagick:

```
compare -metric AE usuli.png usuli_jaribio.png null:
```

Amri hii huhesabu pikseli zinazotofautiana. Sifuri maana yake picha ni ileile. Kulinganisha mafaili yenyewe kwa SHA-256 hakufai hapa, kwa kuwa maandishi ya ndani yakitofautiana kwa herufi moja tu mafaili hutofautiana, hata kama pikseli zote ni sawa.

Namba ikiwa si sifuri, namna picha zinavyotofautiana huonyesha mahali pa kutafuta kosa. Ikitokea picha nyingine kabisa, dirisha liko upande mwingine na meza ina umbo jingine, basi chenga za mwanzo si zilezile au modeli si ileile: hapo hukaguliwa mbegu, vipimo, chanzo cha nasibu na alama ya modeli. Mpangilio ukiwa uleule lakini mikunjo ya pazia na michirizi ya mbao imebadilika, kosa huwa katika idadi ya hatua, kanuni ya kusafisha, LoRA au neno fulani katika maelekezo. Umbo likiwa sawa kabisa lakini rangi zimefifia, mara nyingi faili ya VAE ni nyingine.

Hubaki tofauti ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, za thamani moja au mbili za rangi kwenye pikseli zilizotawanyika. Hizo hutokana na mpangilio wa mahesabu ndani ya kadi ya michoro, na hutokea zaidi inapotumika njia ya kuharakisha iitwayo xFormers. Watengenezaji wa PyTorch, maktaba inayofanya mahesabu hayo, hutamka wazi kwamba hawahakikishi matokeo yaleyale kati ya matoleo tofauti au vifaa tofauti. Kwa hiyo PNG ya usuli huhifadhiwa hata kama mbegu yake ipo. Mbegu inaruhusu kurekebisha, na faili ndiyo dhamana ya kile kilichokubaliwa.

## Kurekebisha baadaye

Mteja wa birika sasa anataka pazia liwe la bluu. Jibu la haraka ni kubadilisha `white curtain` kuwa `blue curtain` na kuacha mbegu ileile. Mara nyingi matokeo hufanana na ya kwanza, lakini hayalingani nayo: rangi ya bluu huenea kwenye ukuta, ukingo wa meza husogea kidogo, na kivuli cha hatua ya tatu hakikai tena mahali pake. Hatua zote zinazofuata zingepaswa kurudiwa.

Njia salama ni kuchukua `usuli.png` iliyokubaliwa, kuchora maski ya pazia peke yake, na kuzalisha upya sehemu hiyo tu kwa mbegu mpya, ambayo nayo huandikwa. Pazia jipya huwekwa kama tabaka juu ya usuli katika `mwisho.xcf`. Meza, birika na kivuli haviguswi. Hapa mbegu ya zamani haikutumika hata mara moja. Kilichookoa kazi ni matabaka.

Ombi la pili ni gumu zaidi: picha iwe kubwa mara mbili kwa ajili ya bango. Kuandika vipimo vipya kungeleta chumba kingine, kama ilivyoelezwa. Badala yake usuli huzalishwa kwa 768 kwa 512 na mbegu yake ya asili, kisha hukuzwa kwa `Hires. fix`, ambayo hutengeneza kwanza picha ya vipimo vya awali, huikuza, halafu huisafisha tena kwa chenga kiasi. `Denoising strength` ikiwekwa chini, karibu 0.3, mpangilio hubaki na mbao hupata nyuzi zaidi. Ikipandishwa mpaka 0.7, vitu vipya huanza kuota mezani. Birika huchukuliwa upya kutoka picha ya kamera, ambayo kwa kawaida ni kubwa vya kutosha, na maski ya kivuli hukuzwa kwa kiwango kilekile. Mbegu ya kivuli haitatoa kivuli kilekile, maana vipimo vimebadilika, hivyo hatua hiyo hufanywa upya na kuonyeshwa mteja upya.

Wakati mwingine ombi huwa halina sura maalumu: "ileile, ila tofauti kidogo". Kwa hilo kuna kisanduku cha `Variation seed`, ambacho huchanganya chenga za mbegu ya asili na za mbegu ya pili. `Variation strength` ya 0.1 huacha chumba kilekile na kubadilisha mikunjo ya pazia. 1 hutoa picha ya mbegu ya pili tupu. Namba zote tatu huandikwa, yaani mbegu mbili na kiasi cha kuchanganya.

Kanuni za kusafisha zenye herufi `a` mwishoni, kama `Euler a`, huongeza chenga mpya katika kila hatua. Kwa kanuni hizo, kupandisha `Steps` kutoka 28 hadi 40 hakuongezi ubora wa picha ileile bali huihamisha kuelekea picha nyingine. Kazi inayotarajiwa kurekebishwa hufanywa vizuri zaidi kwa kanuni isiyo na tabia hiyo.

## Programu zisizoonyesha mbegu

Si kila programu humpa mtumiaji mbegu. `Generative Fill` ya Adobe Photoshop, iliyoanza kujaribiwa na umma Mei 2023, huzalisha picha kwenye seva za kampuni na hutoa chaguo tatu kwa kila ombi, bila kuonyesha namba yoyote inayoweza kuandikwa. Modeli iliyoko kwenye seva huweza kubadilishwa wakati mtumiaji hana habari, hivyo maneno yaleyale mwaka unaofuata huleta kitu kingine.

Katika hali hiyo kinachorekodiwa ni matokeo. Faili ya PSD huhifadhiwa na matabaka yaliyozalishwa bila kuyaunganisha, pamoja na yale machaguo mawili ambayo hayakuchukuliwa, kwa kuwa huenda mteja akayataka. Maneno yaliyoandikwa, tarehe na toleo la programu huwekwa pembeni. Eneo lililochaguliwa huhifadhiwa kama maski, ili marekebisho ya baadaye yaingie katika mipaka ileile.